Mji Mzima Unamjua, Mwenyekiti wa Mtaa Hamjui: Barua ya Utambulisho Ina Kosa Gani?

Jina kapuni, ila wadau wa Tunduma wameshamjua. Ni yule bidada MC wa kicheni pati na sendofu, anayevaa miwani hata usiku, mwenye wafuasi Instagram kuliko idadi ya watu wa mtaa anaoishi. Juzi kati ametema povu kwenye video ya dakika mbili. Kilichomchoma ni barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. "NIDA ninayo, laini imesajiliwa kwa kidole, mji mzima unanijua. Barua ya nini tena?" Komenti zikamwagika: sema nao dada, urasimu tupu, karne ya ngapi hii.

Povu lake lina ukweli nusu. Tatizo ni kwamba bidada ana visa viwili, na kwenye video ameviunganisha vikawa kimoja. Katika kisa cha kwanza aliyemnyima barua alikuwa sahihi na yeye ndiye aliyekosea. Katika kisa cha pili ofisi ndiyo inayopaswa kuona aibu, na bidada mwenyewe akaenda kuichafua zaidi hali hiyo. Ukivichanganya, unaishia kupiga kelele dhidi ya barua yote, na kelele hizo hazimsaidii yeyote anayesumbuliwa nayo.

Kisa cha kwanza ni dhamana. DJ anayefanya naye kazi alikodi spika, spika hazikurudi, mwenye mali akaenda polisi na mambo yakafika mahakamani. Siku ya Jumanne hakimu akasema dhamana iko wazi: wadhamini wawili, kila mmoja awe na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni 2. Anayefuatilia habari za mahakama Bongo anayajua masharti haya kama anavyojua kiitikio cha wimbo. Ni yale yale kila siku.

Mdhamini wa kwanza alikuwa mama lishe anayempikia DJ huyo kila mchana. Yuko mtaa ule miaka kibao, watoto wake wamesoma hapo hapo. Alifika ofisi ya mtaa, akaeleza, akapata barua kabla maharage hayajachemka. Mdhamini wa pili akajitolea bidada. Akashuka kwenye gari, miwani usoni, akasema anahitaji barua haraka. Mwenyekiti akamtazama akamwambia, "Mwanangu, mimi sikujui. Unakaa nyumba ipi?" Bidada akataja rangi ya geti. Jina la mwenye nyumba hakulijua vizuri, kwa sababu kodi anamlipa dalali kwa simu. Mwenyekiti akakataa kuandika. DJ akarudi mahabusu.

Hapo ndipo povu lilipoanzia. Lakini hebu tulia utazame mahakama ilikuwa inatafuta nini. Mdhamini hatoi pesa pale mezani. Anasaini ahadi kwamba mshtakiwa asipoonekana tarehe ya kesi, yeye ndiye atakayetafutwa na anaweza kudaiwa kiasi alichosaini. Kwa hiyo swali la mahakama siyo "wewe ni nani?" peke yake. Swali ni "tukikuhitaji, tutakukuta wapi, na nani atatuonyesha mlango wako?"

NIDA haijibu swali hilo. Namba yako ya tarakimu 20, inayoanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, inathibitisha kwamba wewe ni wewe. Ukiweka kidole, jina na sura vinatokea. Hiyo ni kazi kubwa na inaifanya vizuri. Ila makazi yaliyomo mle ni yale uliyoyataja siku ulipojiandikisha. Bidada alijiandikisha Mbeya, kilomita zaidi ya 100 kutoka hapo, na Tunduma ana miezi 8 tu. Mahakama ikifuata kitambulisho chake itaenda kugonga mlango ambao alishauhama.

Na hapa ni Tunduma, siyo mji wowote. Upande wa pili wa barabara ni Nakonde, Zambia. Mtu anavuka asubuhi kununua bidhaa na mchana anakula huku. Malori ya Lusaka na Kongo yanalala foleni, madereva wanapanga vyumba, mawakala wanakuja na kuondoka, wauza vitenge wanakaa miezi mitatu na kuhama. Mshtakiwa akiamua kupotea hahitaji hata nauli. Katika mji kama huo, mtu anayeweza kusema "huyu namjua, anakaa nyumba ile, na amekaa tangu mwaka fulani" ana kitu ambacho kompyuta ya Dar es Salaam haina.

Ndiyo maana mwenyekiti yule alistahili pongezi badala ya kutukanwa. Barua yake ina thamani kwa sababu anaweza kuikataa. Siku atakapoanza kumwandikia kila anayeshuka kwenye gari zuri, barua ya mama lishe nayo itakuwa karatasi ya kufungia vitumbua.

Suluhisho lilikuwepo, na lilipatikana Alhamisi. Mtu mwenye busara alimwambia bidada amtafute mwenye nyumba wake. Akampata, wakaenda wote ofisi ya mtaa na mkataba wa upangaji mkononi. Mwenyekiti akaandika alichokijua na hakuongeza neno: kwamba huyu ni mpangaji wa nyumba namba fulani, amekaa miezi 8, ametambulishwa na mwenye nyumba ambaye ni mkazi wa siku nyingi. Mahakama ikaipokea. DJ akatoka, akiwa amelala mahabusu siku mbili ambazo zingeweza kuepukika kama bidada angekuwa amejitambulisha mtaani siku alipohamia.

Video haikueleza kipande hicho. Wafuasi walioandika "sema nao dada" hawakujua kwamba kuna mtu alilala chini siku mbili kwa sababu staa hakumjua hata mwenye nyumba wake.

Sasa kisa cha pili, na hapa bidada apewe haki yake.

Wiki iliyofuata kadi yake ya benki ilimezwa. Akaenda kuomba nyingine. Akatoa kitambulisho cha NIDA, akaweka kidole, kidole kikakubali, jina likatokea kwenye skrini, sura ikatokea, sahihi ikafanana. Halafu mhudumu akamwambia alete barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Akauliza ya nini. Jibu lilikuwa, "Ndiyo utaratibu."

Jibu hilo ndilo linalostahili povu lote la Songwe. Swali la benki pale kaunta lilikuwa moja tu: je, huyu ndiye mwenye akaunti? Kidole kilikuwa kimeshajibu. Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuongeza kitu hapo. Hajui namba ya akaunti, hajui sahihi, na hana mashine ya alama za vidole. Ofisi inamuuliza mtu asiyejua swali ambalo mashine imeshalijibu. Angekuwa anaomba mkopo, barua ingekuwa na maana, kwa sababu mkopeshaji anataka kujua atamkuta wapi akichelewesha marejesho. Kadi iliyomezwa na mashine siyo mkopo.

Kwa nini basi ofisi zinang'ang'ania? Sababu ni woga wa mwenye meza. Mteja akija kugundulika ni tapeli, mkaguzi atafungua faili. Faili likiwa na barua yenye muhuri, mhudumu anasema, "Serikali ya mtaa ilimthibitisha." Lawama inahama kutoka mezani kwake kwenda kwa mzee mmoja mtaani ambaye hana hata mshahara, anaishi kwa posho ya kubahatisha. Barua inakuwa mwavuli wa mhudumu, na anayelipia mwavuli ni mteja: nauli ya bodaboda, nusu siku ya kazi, na mara nyingi "hela ya karatasi".

Ushahidi kwamba ofisi ile haikuhitaji taarifa yoyote ni kile bidada alichokifanya baadaye, na hapa sifa zake zinaishia. Hakurudi kwa mwenyekiti wake, ambaye sasa anamjua. Aliona mbali. Rafiki akamwelekeza kwa kiongozi wa mtaa mwingine kabisa, ambako hajawahi hata kulala. Shilingi 5,000, dakika tatu, fomu ya fotokopi ambayo muhuri ulikuwa umeshagongwa kabla jina halijaandikwa. "Ninamfahamu vizuri na ni mkazi wangu," inasema fomu. Mhudumu akaipokea bila kuisoma, akaitoboa, akaiweka kwenye faili. Kadi ikatoka.

Fikiria hilo kidogo. Barua ya kweli ya Alhamisi ilichukua siku mbili, mwenye nyumba na mkataba. Barua ya uongo ilichukua dakika tatu na ikapita kama kawaida. Ofisi inayopokea uongo bila kushtuka haikuwa inatafuta ukweli. Ilikuwa inatafuta muhuri.

Na huo muhuri wa dakika tatu ndio unaomuumiza asiye na gari. Wapo vijana wa Songwe ambao barua ya mtaa au kijiji ndiyo karatasi yao ya kwanza kabisa. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Mtoto anaweza kulelewa na bibi Nakonde, akarudi Momba akiwa mkubwa, hana cheti cha kuzaliwa wala cha shule ya huku. Akienda kuomba kitambulisho cha Taifa, mikoa ya mpakani Uhamiaji nao wanamhoji, na wana haki, kwa sababu jina na lugha haviishii kwenye mpaka. Mtu wa kwanza atakayeulizwa kama ukoo wake unajulikana ni kiongozi wa mtaa au kijiji. Neno hilo likishakuwa bidhaa ya shilingi 5,000, Uhamiaji wataacha kuliamini, na atakayekwama siyo bidada mwenye miwani. Ni kijana yule ambaye hana karatasi nyingine ya kuweka mezani.

Kuna ujanja mwingine unaopitishwa kimya kimya: kuambiwa uanze kwa balozi wa nyumba kumi ndipo uende kwa mwenyekiti. Vijana wengi hawajui balozi ni nani kisheria. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa vinashikana mkono. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi akabaki kiongozi wa chama. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kumuuliza jirani yeyote kama anakujua, na balozi ni jirani kama wengine. Lakini kukufanya upitie kwa kiongozi wa chama ili upate huduma ya serikali ni kukurudisha kabla ya 1992. Serikali ya mtaa ina mwenyekiti na wajumbe waliochaguliwa, mara ya mwisho Novemba 27, 2024, na ina mtendaji ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Hao wanatosha.

Barua yenye akili inajulikana kwa kuitazama tu. Inataja ofisi inayopelekewa, kwa sababu "kwa yeyote anayehusika" ndiyo inayoazimwa na kuuzwa. Inataja shida yenyewe: dhamana, mkopo, maombi ya kitambulisho. Majina yameandikwa kama yalivyo kwenye NIDA. Inasema nyumba ipi, na siku hizi hakuna kisingizio, kwa sababu nyumba zilipewa namba na barabara majina kwenye zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Inasema mtu amekaa tangu lini, na kiongozi amejuaje. Ina tarehe, kumbukumbu namba, jina na simu ya aliyesaini. Picha imebandikwa na muhuri umeangukia nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi, ili picha isibanduliwe ikawekwa nyingine. Na ofisi inayojua kazi yake inapiga ile namba ya simu. Simu moja ya dakika moja ingeiangusha barua ya bidada pale pale kaunta.

Pia barua ina mipaka yake. Haithibitishi uraia. Haithibitishi kwamba huna rekodi ya uhalifu, hiyo ni kazi ya polisi. Haithibitishi kwamba nyumba ni yako. Ofisi inayoitumia kwa mambo hayo inajidanganya, na kiongozi anayekubali kuandika mambo hayo anasaini asichokijua.

Suala la hela nalo lisizungushwe. Pesa ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo na inatoka na risiti. "Ya karatasi", "ya soda", "ya wino" ni ya mfukoni. Ni kweli wenyeviti hawana mshahara na wanasumbuliwa mpaka usiku, na hilo ni deni la halmashauri kwao. Lakini deni hilo halilipwi na mama lishe. Na ukishalizoea, kinachofuata ni fomu zilizogongwa muhuri kabla ya jina.

Kuna wanaosema dawa ni kuhamishia kila kitu kwenye simu, na mfumo wa anwani za makazi wa NaPA umeshaingiziwa huduma ya barua ya utambulisho wa mkazi. Ni hatua nzuri, hasa kwa kufuta fomu za fotokopi. Lakini mfumo hauwezi kujua kwamba bidada amehama wiki iliyopita bila kumwambia mtu. Lazima bado awepo binadamu wa mtaani anayejibu ndiyo au hapana. Na mfumo huo hautamzuia mhudumu mwoga kuomba barua asiyoihitaji, ila safari hii ataiomba kwa njia ya mtandao.

Kwa hiyo anayetaka kupigana na hii kitu apigane na kilichooza. Ofisi ikikudai barua, uliza swali moja kwa adabu: "Barua hii inathibitisha nini ambacho kitambulisho changu hakijathibitisha?" Ikisema makazi yako ya sasa, kwa dhamana au mkopo, nenda kaitafute kwa njia ya kweli. Ikisema "ndiyo utaratibu", omba kuonyeshwa utaratibu huo ulipoandikwa, na omba kumwona msimamizi. Wengi hawana pa kukuonyesha.

Na kwa upande wako, usisubiri mtu alale mahabusu ndipo uanze kumtafuta mwenyekiti. Ukihamia chumba kipya, iwe Mpemba, Vwawa au popote, mjue mwenye nyumba kwa jina, pita ofisi ya mtaa uandikishwe, na siku ya mkutano wa mtaa toka nje usikike sauti. Inachukua asubuhi moja. Mama lishe hakuwa na mfuasi hata mmoja Instagram, ila alipohitajika, neno la mtaa lilikuwa tayari upande wake.

Haya wadau, semeni ukweli: mwenyekiti wa mtaa wako anakujua kwa sura, au anaijua rangi ya geti tu? Na ofisi gani iliwahi kukudai barua ikashindwa kueleza ya nini? Dondosha komenti hapo chini, majina ya watu weka kapuni.